Kazi ya Methali: Jinsi ya Kueleza Maana na Kutunga Sentensi Inayoibeba Methali

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika Uganda mwaka 2020, na Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, kazi hii imekuwa ikiingia nyumbani ndani ya madaftari ya watoto wengi: "Eleza maana ya methali zifuatazo, kisha utumie kila moja katika sentensi sahihi." Mtoto anatoa daftari mezani, mzazi anasoma, na wote wawili wanagundua kwamba Kiswahili wanachokisikia stendi ya teksi au mpakani Busia hakiwasaidii sana hapa. Kiswahili cha barabarani kinanunua na kuuza vizuri, lakini methali imebeba sarufi ambayo wauzaji na wanunuzi wameshaiacha.

Nimesahihisha kazi za aina hii kwa muda mrefu, na naweza kusema mapema mahali zinapoharibika. Sehemu ya maana wengi huipata, angalau nusu. Sentensi ndiyo inayowaangusha. Mwanafunzi huandika "Mwalimu alituambia kwamba samaki mkunje angali mbichi," akadhani amemaliza. Kisarufi hakuna kosa hapo, lakini sentensi haionyeshi kama mwandishi anajua methali hiyo inasema nini. Ukiondoa samaki ukaweka methali yoyote ile, sentensi itasimama vilevile. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye sentensi, ingawa hatuwezi kufika huko bila kupitia maana.

Tuchukue kazi moja kamili tuifanye pamoja. Methali ni tano:

(a) Samaki mkunje angali mbichi.
(b) Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.
(c) Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
(d) Haba na haba hujaza kibaba.
(e) Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu za kwanza nimeziweka pamoja kwa makusudi. Zote zinazungumzia malezi, na ndizo wanafunzi wanazozibadilishanabadilishana kuliko zote.

Hatua ya kwanza: fungua maneno kabla ya kutafuta maana

Usikimbilie maana. Anza kwa kuuliza kila neno limeundwaje, kwa sababu methali nyingi zimeficha mtendaji ndani ya neno moja.

Mfano mzuri ni "mchelea". Wanafunzi huliona neno hili wakafikiria mchele, au kuchelewa. Nimesoma majibu yanayosema kwamba "mtu anayechelewa kumpa mtoto chakula atalia." Ukitafuta "mchelea" katika kamusi huenda usilipate, kwa sababu linatokana na kitenzi "chelea", yaani kuogopa jambo lisije likatokea. Ondoa m- ya mwanzo, utafute kitenzi kilichobaki. Mchelea ni yule anayechelea, kama mchezea ni yule anayechezea. Sasa methali inafunguka yenyewe: anayeogopa mtoto asilie, atalia yeye.

"Asiyefunzwa" ni a-si-ye-funzwa: yule ambaye hafunzwi. "Mamaye" ni mama yake, kama mwanawe ni mwana wake. "Mkunje" ni amri yenye kiambishi cha mtendwa: m- ni huyo samaki, na -e ya mwisho ndiyo inayoagiza. Mtu anaambiwa amkunje. "Angali" maana yake bado yuko katika hali fulani, kwa hiyo "angali mbichi" ni wakati bado yuko mbichi. "Usipoziba" ni sharti la kukanusha, kama hutaziba.

Kisha kuna hu-. Inatokea katika (b), (c) na (d), na kazi yake ni kuonyesha jambo ambalo ndiyo kawaida yake kutokea, leo na siku zote. Kwa sababu hiyo hu- haibadiliki hata sentensi yako ikiwa ya wakati uliopita. Usiandike "Wandera hakufunzwa na mamaye alifunzwa na ulimwengu" ukidhani unalinganisha nyakati. Methali inabaki jinsi ilivyo, na sentensi yako ndiyo inayozunguka pembeni yake.

Kwa wanaozungumza Luganda nyumbani, kuna jambo la maandishi la kuangalia hapa. Katika tahajia ya Luganda, r huandikwa baada ya e na i, na l huandikwa penginepo. Mkono ukishazoea kanuni hiyo, utaandika "mcherea" bila kujua, maana l imekuja baada ya e. Kiswahili hakina kanuni hiyo: l na r ni sauti mbili tofauti, na ni lazima ukumbuke kila neno lina ipi. Na h ya Kiswahili, ambayo wengi huimeza wakitamka, ikipotea kwenye karatasi inaharibu zaidi. "Haba" inakuwa "aba", ambalo si neno, na "hulia" inakuwa "ulia", kitu kingine kabisa. Soma methali kwa sauti huku umeishika h kwa nguvu, hata kama jirani atakushangaa.

Hatua ya pili: maana ya nje, halafu maana ya ndani

Maana ya nje ni picha yenyewe. Iandike kwa sentensi moja na usiichezee. Kwa (a), samaki aliye mbichi hukunjika, lakini akishakaushwa kwa moshi, ukijaribu kumkunja anavunjika mkononi. Yeyote aliyenunua samaki wa moshi pale Ggaba au Katosi anaijua picha hii bila kufundishwa. Kwa (d), unahitaji kujua kwamba kibaba ni kipimo cha zamani cha nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtu anatia punje chache, anatia tena, na mwishowe kipimo kinajaa.

Maana ya ndani ndiyo anayoitaka mwalimu. Ninayo kanuni ninayowapa wanafunzi na haijawahi kuniangusha: katika maana ya ndani, vitu vya picha visionekane. Maelezo yako ya (a) yakiwa bado yana samaki, hujatoka kwenye picha. Ya (e) yakiwa bado yana ufa na ukuta, umerudia methali kwa maneno marefu.

Lakini kuna shimo upande wa pili. Ukikimbia picha mbali mno, unaishia kwenye maneno yanayofaa methali yoyote: "Methali hii inatufundisha kuwa na tabia nzuri." Ndiyo, lakini methali gani haifundishi hivyo? Maana iliyokamilika huwa na vitu viwili: nani anafanya nini, au anaacha kufanya nini, na matokeo yake yanamwangukia nani. Ukivitaja vyote viwili, sentensi mbili zinatosha. Kwa (b) ningeandika hivi: "Mzazi anayeogopa kumkanya mtoto wake ili asimuudhi, mwishowe ndiye atakayeumia kwa sababu ya tabia mbaya ya mtoto huyo. Methali hii huwaonya walezi wanaowadekeza watoto." Hapo mwenye kutenda yupo, jambo analoliacha lipo, na anayeumia anajulikana.

Hatua ya tatu: uliza anaambiwa nani, na lini

Hatua hii wanafunzi wengi huiruka, na ndiyo inayozitenganisha zile methali tatu za malezi. Wanaandika kwamba zote zina maana ya "kulea mtoto vizuri." Ni kweli zote zinahusu malezi, lakini hakuna mswahili anayezitumia kwa nafasi moja.

"Samaki mkunje angali mbichi" inaambiwa mlezi, wakati mtoto bado mdogo na nafasi ya kumrekebisha bado ipo. Ni shauri la kabla. Huwezi kulitamka juu ya mtu wa miaka thelathini aliyekwisha kuharibika, ila kama unasikitika kwamba hakukunjwa mapema.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe" nayo inamhusu mlezi, lakini jicho lake liko kwenye udhaifu wake. Lazima pawepo na mzazi anayeogopa machozi ya mtoto, na maumivu yamrudie mzazi huyo. Kama katika sentensi yako hakuna mtu aliyeogopa kumuudhi mtoto, methali hii haina mahali pa kukaa.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" inaangalia mtoto mwenyewe, mara nyingi akiwa ameshakua. Maumivu yanamwangukia yeye, na anayempiga darasa ni watu wa nje wasiomwonea huruma: mwajiri, polisi, wenye nyumba, wageni wa mjini. Mama hapa anasimama kwa walezi wote, kwa hiyo usiandike kwamba methali inawalaumu akina mama. Nimeliona jibu hilo mara nyingi na linanisikitisha kila mara.

Hapa pia ndipo methali za kwenu zinapoweza kukupoteza. Mwanafunzi anayejua methali ya Kiganda "Akaliba akendo okalabira ku mukonda", kwamba kibuyu kitakachokuwa kata nzuri hujulikana kwa mpini wake, huona inahusu utoto akaifananisha na samaki mkunje. Lakini ile ya Kiganda inatabiri: mtoto atakayefaa huonekana mapema. Kwa Kiswahili mwenzake ni "Nyota njema huonekana asubuhi." Samaki mkunje haitabiri chochote, inamtuma mtu afanye kazi. Methali ya kwenu ni ngazi nzuri ya kufikia maana, lakini kwanza uliza kama zote mbili zinasemwa kwa mtu yuleyule na kwa wakati uleule.

Hatua ya nne: tunga sentensi

Sentensi inayobeba methali ina mzigo wa aina mbili. Kwanza kisa kifupi, chenye mtu na tendo. Pili methali yenyewe, nzima, mahali ambapo mtu angeitamka kweli. Kisa kikiwa kimekamilika, msomaji anaifikia methali akiwa ameshaielewa.

Ili uone tofauti, tuchukue familia moja ya kubuni tuipitishe katika methali zote tatu. Mama ana duka dogo Busia. Mwanawe, Wandera, anaanza kuchukua sarafu kwenye kopo la mauzo.

Mwanzoni Wandera ana miaka sita. Nafasi bado ipo, kwa hiyo tunaitumia (a), na anayesema ni mtu mwenye haki ya kumshauri mama:

Wandera alipokutwa na sarafu ya shilingi 500 aliyoichukua dukani bila ruhusa, bibi yake alimwambia mama yake, "Mwanangu, mkanye mtoto huyu sasa kabla hajazoea, samaki mkunje angali mbichi."

Tazama vitu vitatu vidogo. Umri hautajwi kwa tarakimu, lakini maneno "kabla hajazoea" yanaonyesha kwamba muda upo. Bibi anamwita mama wa mtoto "mwanangu", kama mkubwa anavyomwambia mdogo, kwa sababu methali hutoka kinywani mwa mkubwa. Kijana wa miaka kumi na mitano akimwambia babu yake "samaki mkunje angali mbichi", sentensi itakuwa sahihi kisarufi lakini itasikika kama utovu wa adabu. Kama msemaji wako ni mdogo, mfanye aikumbuke methali moyoni, au amnukuu mzee aliyeisema.

Jambo la tatu ni kwamba bibi amesema "mkanye", hakusema mchape. Wanafunzi wengi hujaza sentensi za methali hii viboko, hasa vya mwalimu darasani. Kukunja hapa ni kulea na kurekebisha. Tena marekebisho ya sheria ya watoto ya Uganda ya mwaka 2016 yalipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, kwa hiyo sentensi inayomsifu mwalimu kwa fimbo inamweka msahihishaji mahali pabaya bila sababu.

Mama hakumkanya. Kila akijaribu, mtoto analia, naye anamwachia. Miaka inapita. Sasa ni zamu ya (b):

Kila Mama Wandera alipotaka kumkanya mwanawe aliacha kwa kuyaonea huruma machozi yake, na leo ni yeye anayelia akiwalipa majirani fedha alizowaibia kijana huyo; mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Kilio kimetajwa mara mbili, cha kwanza cha mtoto na cha pili cha mama. Usikiondoe hata kimoja. Ukitoa kilio cha mtoto, hakuna aliyechelea. Ukitoa cha mama, hakuna aliyelia mwenyewe.

Mwishowe Wandera anaondoka nyumbani kwenda kufanya kazi Tororo. Hapa inaingia (c):

Wandera, ambaye nyumbani hakukatazwa kuchukua kisicho chake, aliiba fedha katika duka la mwajiri wake mjini Tororo, akafukuzwa kazi na kupelekwa polisi. Ama kweli, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Familia ni ileile na kosa ni lilelile, lakini methali imebadilika kwa sababu wakati na mwenye kuumia wamebadilika. Jaribu kuihamisha (b) uiweke mwisho wa sentensi hii ya tatu. Haikai, maana hakuna mzazi anayelia ndani yake. Weka (a). Haikai pia, kwa kuwa muda umeshapita na hakuna anayeshauriwa. Jaribio hili la kubadilisha lifanye kwa kila sentensi unayotunga. Methali nyingine ikiingia bila kusukumwa, sentensi yako bado ina tundu, na mara nyingi kilichokosekana ni matokeo.

Jinsi methali inavyounganishwa na sentensi

Methali haigeuzwi kuwa jina la mtu wala kuwa tendo. "Yule kijana ni asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" haisemeki. Wala "Sisi tulifanya haba na haba hujaza kibaba mpaka tukanunua mbuzi." Methali ni kauli kamili yenye kiima na kiarifu chake, kwa hiyo iache isimame kwa miguu yake. Unaweza kumpa mtu aitamke, kama bibi alivyofanya, ukaizungushia alama za mtajo. Au unaweza kuiweka mwishoni kama maoni yako, ukitanguliza nukta au nukta mkato, na ukipenda neno kama "kweli", "ama kweli" au "kwani". Ukitumia "wahenga walisema kwamba", usiweke tena alama za mtajo. Na usianze sentensi zote tano kwa wahenga. Msahihishaji akiwakuta tano mfululizo anajua hujafikiria.

Waandishi wazoefu huivunja methali wakachukua kipande chake tu, kwa mfano "ufa haukuzibwa, sasa ukuta unajengwa." Ni mtindo mzuri, lakini si wa kazi hii. Swali limesema uitumie methali, basi iandike nzima, kwa umbo lilelile lililo kwenye swali. Utakutana na wanaosema "mamae" badala ya "mamaye". Wala usipoteze muda kubishana, nakili ya kwenye swali.

Mbili zilizobaki

(d) ni rahisi kueleza lakini wengi huitumia vibaya. Wanaichukulia kama methali ya bidii, wakaandika, "Juma alisoma sana akafaulu mtihani, haba na haba hujaza kibaba." Kusoma sana si haba. Ili methali hii ikae, sentensi inahitaji kiasi kidogo kinachorudiwa na jumla inayoonekana. Fedha ndiyo njia nyepesi, kwa sababu hesabu inasema yenyewe:

Shangazi alikuwa akiweka akiba ya shilingi 2,000 kila jioni baada ya kuuza ndizi sokoni, na mwaka ulipotimia alikuwa na shilingi 730,000 za kununulia cherehani. Haba na haba hujaza kibaba.

Piga hesabu kabla ya kuandika. Mbili elfu mara siku 365 ni 730,000. Ukiandika kwamba alipata milioni tano, msahihishaji mwenye macho atasimama hapo, na methali itapoteza nguvu.

Angalia pia kwamba (d) inaelekea upande mmoja tu, wa kujaza. Kitu kinachopungua kidogokidogo hakiitwi haba na haba. Kwa upande huo kuna "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Shangazi huyohuyo angechota 2,000 kila jioni kutoka kwenye akiba yake mpaka ikaisha, hiyo ndiyo ingekuwa methali yake.

(e) ina mtego unaofanana na huo. Mwanafunzi anapotafuta kisa cha ufa hufikiria nyumba, akaandika: "Baba hakuziba ufa, sasa anajenga ukuta, usipoziba ufa utajenga ukuta." Huku ni kurudi kwenye maana ya nje. Tafuta kisa ambacho hakina ukuta kabisa. Kinachohitajika ni kasoro ndogo, mtu aliyeipuuza, na gharama kubwa iliyokuja baadaye. Jibu zima katika daftari lingekaa hivi:

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Maana: Mtu asiyerekebisha tatizo likiwa dogo, baadaye hulazimika kutumia nguvu au mali nyingi zaidi kulitatua. Methali hii hutuhimiza tuyashughulikie matatizo mapema.
Sentensi: Kaka yangu alipuuza oili iliyokuwa ikivuja tone kwa tone kwenye pikipiki yake ya boda hadi injini ikafa, ikambidi auze mbuzi wawili ili anunue nyingine; kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Oili imevuja tone kwa tone, na kuna atakayeshawishika kuweka haba na haba hapo. Kinachozuia ni ile injini mpya. Sentensi haizungumzii kiasi kilichokusanyika, inazungumzia gharama ya kupuuza. Kama ungependa kuitumia methali hii kabla ya hasara, inawezekana pia: fundi anamwambia mwenye pikipiki abadilishe sili leo, "usipoziba ufa utajenga ukuta." Basi pikipiki iwe bado nzima, na fundi ataje kitakachoharibika akikaidi, la sivyo msomaji hataiona gharama.

Kabla ya kukusanya daftari

Funika methali kwa kipande cha karatasi mwishoni mwa kila sentensi, umsomee kisa peke yake mtu anayezijua methali: ndugu, mwenzako wa darasani, au yule jirani aliyekaa Mombasa. Mwombe ataje methali inayofaa. Akiitaja yako mara moja, acha sentensi kama ilivyo. Akitaja nyingine, usimbishie. Muulize ni neno gani lililompeleka huko. Kama alisema "mchelea mwana kulia" mahali ulipokusudia "asiyefunzwa na mamaye", huenda mzazi katika kisa chako anahuzunika kuliko kijana anavyoadhibiwa. Mpunguzie mzazi maneno, umwongezee kijana ile siku ya polisi, kisha umsomee tena.